Katuni moja, sura ileile: maswali ninayoulizwa kuhusu kumchora mtu halisi katika picha nyingi

Kazi yangu ni usanifu wa picha, Mtwara mjini. Mwaka huu nilitengeneza picha 30 za katuni ya mama mmoja anayekaanga na kuuza korosho Mikindani, kwa ajili ya lebo za vifungashio, picha za kuweka WhatsApp, na bango la Nanenane kule Ngongo, Lindi. Katuni yenyewe tunaiita Mama Korosho. Jina lake halisi halimo humu, ndivyo tulivyokubaliana. Tangu picha zianze kuzunguka nimekuwa nikiulizwa mambo yaleyale, kwa simu na hata barazani, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Nilitumia programu za akili mnemba pamoja na mkono wangu, na sehemu ya mkono ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini nikiiomba mashine imrudie mama yuleyule, inaniletea mama mwingine?

Kwa sababu haimjui. Modeli ya picha kama Stable Diffusion huanza kila picha kutoka kwenye chenga, zile nukta zisizo na mpangilio kama runinga ya zamani isiyoshika mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua kufuata maneno uliyoandika. Ikimaliza, haibaki na kumbukumbu yoyote ya ilichochora. Ukiandika "mama mnene wa makamo mwenye kilemba chekundu anayecheka", maneno hayo yanawaenea kina mama maelfu, na mashine itakuchagulia mmoja wao leo na mwingine kesho.

Kuongeza maneno kunasaidia kidogo tu. Jaribu kumwelezea mtu unayemfahamu kwa mtu asiyemfahamu, kisha mwambie akamtafute stendi. Atakuletea anayefanana naye. Sura ya mtu haielezeki kwa maneno kiasi cha kutosha, kwa hiyo inabidi mashine ioneshwe.

Nikitumia Seed ileile, si nitapata sura ileile?

Hapana, na hili limepotezea watu muda mwingi, mimi nikiwemo. Namba ya Seed inaamua zile chenga za mwanzo tu. Ukiweka Seed ileile, maneno yaleyale na mipangilio ileile utapata picha ileile. Lakini ukibadilisha "amekaa sokoni" kuwa "amesimama kwenye dau", maneno mapya yanazivuta chenga zilezile kwenda kwingine, na uso unakwenda nao. Seed ina kazi yake muhimu, nitaifikia chini kwenye kupima.

Nianze na nini kabla sijafungua programu?

Anza na mtu mwenyewe. Nilikwenda kwa yule mama asubuhi mara mbili, nikakaa pale bandani, nikatazama. Nilikuwa najiuliza jambo moja: mteja wake akimwona kwa mbali ananunua samaki, anamtambuaje? Nikaandika mambo matano. Ana mwanya kwenye meno ya juu. Ana kidoti kwenye shavu la kushoto. Nyusi zake ni nzito na zimenyooka. Uso ni wa duara, kidevu kifupi. Akicheka jicho la kulia linafumba zaidi ya la kushoto. Hayo ndiyo ya kudumu. Kanga, kilemba, hereni na malapa hubadilika kila siku, kwa hiyo siyo yeye.

Mambo matano au sita yanatosha. Katuni yenye alama kumi ndogo ndogo itakosewa moja kila picha, na macho ya mtazamaji yataliona kosa hilo hata kama hawezi kulitaja.

Kisha piga picha. Nilipiga kama 40 kivulini, asubuhi, jua likiwa bado chini: uso wa mbele, robo tatu kushoto na kulia, upande kabisa, na mwili mzima. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kamera ya mbele ya simu. Baadhi ya simu huihifadhi selfi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na kidoti cha kushoto kinahamia kulia. Nilichanganya selfi alizonitumia na picha nilizopiga mimi, matokeo yake mashine ikajifunza kwamba kidoti kinaweza kukaa upande wowote, mara nyingine pande zote mbili. Mtego wa pili ni kile kipambo cha simu kinacholainisha na kung'arisha uso bila kuombwa. Kizime. Kinaondoa mistari ya kucheka, kinapunguza weusi, na unaanza safari ukiwa tayari umempoteza mtu.

Kwa nini usiifundishe mashine kwa picha za kamera moja kwa moja?

Inawezekana, na wengi hufanya hivyo: unaifundisha sura halisi, halafu unaomba "katuni". Shida ni kwamba kila ukiomba, mashine inaamua upya namna ya kumgeuza mtu kuwa katuni. Leo macho makubwa, kesho pua imekuwa nukta, keshokutwa mstari mnene kuzunguka mwili. Mtu ni yuleyule, ila katuni ni kumi tofauti.

Uamuzi huo nauchukua mimi, mara moja, kwa mkono. Nilifungua picha ya mbele kwenye Krita, ambayo ni programu ya bure, nikaongeza tabaka juu yake nikachora. Pua niliifanya mikunjo miwili tu. Mwanya niliukuza kidogo kuliko ulivyo. Mwili nikaupa urefu wa vichwa vinne, wakati mtu mzima halisi ana vichwa kama saba na nusu. Rangi ya ngozi nikaifunga kwenye namba mbili, `#6B4226` ya kawaida na `#4E2E1A` ya kivuli. Mchoro huo mmoja ndio nauita picha mama, na mengine yote yanapimwa kwake.

Halafu nikachora rasimu za pembe nyingine juu ya picha za kamera, nikazipitisha kwenye mashine kwa njia ya picha-kwa-picha, Denoising strength ikiwa 0.45. Kipimo hicho kinaonesha mashine iruhusiwe kuigeuza picha kiasi gani. Kwenye 0.2 inakurudishia rasimu yako na makosa yake. Ukivuka 0.6 inaanza kumchora mtu wake. Kila iliyotoka niliirekebisha kwa mkono. Nikawa na michoro 12.

Mashine inafundishwaje sasa?

Kwa njia inayoitwa LoRA. Ilielezwa mwaka 2021 na watafiti wa Microsoft kwa ajili ya modeli za lugha, baadaye watu wakaihamishia kwenye picha. Badala ya kuifundisha upya modeli nzima, unaiacha kama ilivyo na kuongeza faili dogo la marekebisho pembeni. Kwa modeli ya SDXL, toleo kubwa la Stable Diffusion ambalo faili lake ni karibu GB 7, LoRA yangu ilikuwa kama MB 100. Modeli kubwa inaendelea kujua mashua, mwanga na mikono inavyokaa. Kile kijifaili kinajua Mama Korosho tu.

Unahitaji picha kama 15 hadi 30, na kila picha na faili lake la maandishi linaloielezea. Unahitaji pia neno la kumwita, ambalo halina maana yoyote mahali pengine. Usitumie "mama" wala "korosho". Mimi nilitumia `mkrsh`.

Maelezo ya picha yaandikwe vipi?

Ukisoma swali moja tu katika haya yote, soma hili.

Ulichokitaja kwenye maelezo, mashine inakihesabu kuwa ni kitu cha kuja na kuondoka. Usichokitaja, kikawa kinaonekana kila picha, inakibandika kwenye neno lako la kumwita. Watu hufanya kinyume. Wanaandika kwa bidii "mwenye mwanya, mwenye kidoti, nyusi nzito", wakidhani wanaisaidia mashine, kumbe wanaiambia kwamba mwanya ni kama kilemba, unavaliwa na kuvuliwa. Matokeo yake usipoutaja mwanya siku ya kuomba picha, meno yanafungana.

Kwa hiyo nyamaza kuhusu vya kudumu, taja vinavyobadilika. Haya ndiyo maelezo ya mojawapo ya picha zangu. Ni ya Kiingereza kwa sababu sehemu ya SDXL inayosoma maneno ilifunzwa zaidi kwa lugha hiyo, na "kilemba" haikielewi vizuri.

```
mkrsh, woman, smiling with open mouth,
three-quarter view, blue printed wrap, red headwrap,
sitting on a white plastic chair, market stall
```

Sikutaja sura, sikutaja rangi ya ngozi, wala sikusema ni katuni, maana nataka awe katuni siku zote.

Nililijua hili kwa kuumia. Mara ya kwanza, katika tisa kati ya ile michoro yangu 12 alikuwa amekaa kwenye kiti chake cheupe cha plastiki, na sikukitaja hata mara moja. Mashine ikaona kiti ni sehemu ya mwili wake. Nilipoomba asimame kwenye dau, akaja amekaa kitini, kiti kikiwa ndani ya dau. Nikaomba uso wake tu, na nyuma ya mabega kikatokea kile kiegemeo cheupe chenye matundu. Mama mwenyewe alipoona alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Mwanangu, hata usingizini sikiachi?"

Nikaichukua LoRA hiyo mbovu, nikaitumia kutengeneza picha 60 katika hali mbalimbali, nikabakiza zile ambazo uso ulitoka vizuri, nikafuta kiti kwa mkono, nikasahihisha kidoti. Nikapata 20 mpya: saba anacheka mdomo wazi ili mwanya uonekane, tano amefunga mdomo, tatu kwa upande, tano mwili mzima, nguo na mahali tofauti. Hizo ndizo nilizofundishia mara ya pili.

Amri yenyewe ikoje, na inahitaji kompyuta gani?

Kwa SDXL tafuta kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 12 au zaidi. Laptop nyingi za hapa hazina, wala yangu haina, kwa hiyo nilikodi kompyuta ya mbali kwa saa. Faida yake ni kwamba ile GB 7 inashukia kule, hailambi bando lako. Unachopandisha wewe ni picha 20 tu. Nilitumia programu za mafunzo zinazoitwa sd-scripts, za mwandishi anayejulikana kama kohya:

```
accelerate launch sdxl_train_network.py \
 --pretrained_model_name_or_path="sd_xl_base_1.0.safetensors" \
 --train_data_dir="mafunzo" --output_dir="matokeo" \
 --output_name="mkrsh" --caption_extension=".txt" \
 --network_module=networks.lora \
 --network_dim=16 --network_alpha=8 \
 --network_train_unet_only --learning_rate=1e-4 \
 --resolution="1024,1024" --train_batch_size=1 \
 --max_train_epochs=8 --save_every_n_epochs=1 \
 --mixed_precision="fp16" --no_half_vae \
 --gradient_checkpointing
```

Ndani ya folda `mafunzo` kuna folda nyingine inayoitwa `10_mkrsh`. Ile 10 ni idadi ya mara kila picha itakavyorudiwa katika mzunguko mmoja. Picha 20 mara 10 ni hatua 200. Mizunguko 8 ni hatua 1,600. Kila mzunguko ukiisha linahifadhiwa faili lake, na hilo ndilo la maana zaidi kwenye amri yote, kwa sababu mzunguko wa mwisho si lazima uwe bora.

Utakutana na mtu wa kukushauri uongeze `--flip_aug`, ambayo inageuza picha kushoto-kulia ili mafunzo yawe mengi. Kwa mtu mwenye kidoti upande mmoja, usiiguse.

Nitajuaje imeiva, au imeungua?

Hapa ndipo Seed inapofanya kazi. Andika maelezo manne ambayo hayamo kwenye picha za kufundishia, chagua Seed nne, usizibadilishe tena. Kisha jaribu kila faili la mzunguko kwa maelezo hayohayo na Seed hizohizo, zipange kwenye karatasi moja. Kwa kuwa chenga ni zilezile, tofauti yoyote unayoiona imetokana na mafunzo. Kwangu moja ya maelezo lilikuwa hili:

```
<lora:mkrsh-000006:0.8> mkrsh, woman,
standing in a wooden boat, green wrap,
yellow headwrap, sea, late afternoon
```

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa mbichi: mama alikuja, ila angeweza kuwa shangazi wa mtu yeyote Masasi. Wa nne mwanya ukatokea. Wa sita alikuwa yeye, kilemba cha njano, amesimama daoni. Wa nane ulikuwa umeungua, na dalili za kuungua ni rahisi: niliomba njano kilemba kikaja chekundu, niliomba asimame akaja na mkao wa kukaa, na mistari ikawa minene na migumu. Kwa ufupi, ikiwa bado mbichi inakosa sura, ikiungua inakosa utii. Nikachukua wa sita.

Ile 0.8 ni nguvu ya LoRA. Kwa picha ya uso naiacha 0.8 au 0.9. Kwa picha yenye mandhari nyingi naishusha hadi 0.7 ili mashine ipate nafasi ya kuchora vingine.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho hakihitaji kompyuta. Zipunguze picha ziwe ndogo kama zinavyoonekana kwenye orodha ya WhatsApp, uzioneshe kwa mtu anayemjua, bila kumwambia chochote. Mimi nilimwonesha kijana anayemletea mkaa. Kati ya picha 30 alisita kwenye tatu, na zote tatu nyusi zilikuwa zimepinda.

Mbona ngozi yake inazidi kung'aa kila picha?

Si macho yako. Modeli hizi zilifunzwa kwa picha za mitandaoni zenye watu weupe wengi zaidi, na zikipata kisingizio chochote, hasa neno la jua au la ufukweni, zinamvuta mtu kuelekea huko. Usikadirie kwa macho, kwa sababu jicho linazoea. Chukua kifaa cha kunyonya rangi, gusa shavu, soma namba. Picha zangu za sokoni zilikaa jirani na `#6B4226`. Za ufukwe wa Msimbati zilikuja na `#9A6B4A`, na nilikuwa nimezipitisha bila kushtuka.

Dawa ni mbili. Kwenye picha za kufundishia weka chache zenye jua kali na chache za jioni, zote ukiwa umezirudisha mwenyewe kwenye rangi sahihi, ili ijifunze kwamba jua likibadilika ngozi haibadilishi asili. Kwa zilizokwisha kuharibika, uzuri wa katuni ya rangi bapa ni kwamba unachagua eneo la ngozi na kumwaga rangi yako upya ndani ya dakika mbili. Ndiyo maana nilikataa katuni yenye vivuli vingi laini.

Nimeomba avae kanga, maandishi yake hayasomeki.

Na kwa SDXL hayatasomeka. Mashine inajua kuna maandishi pale, haijui yanasema nini, kwa hiyo inachora vijidudu vinavyofanana na herufi. Pindo na mji inaweza kukupa kwa kubahatisha. Jina la kanga liandike mwenyewe. Omba nguo yenye pindo pana bila maandishi, kisha ongeza maneno kwenye Krita au Inkscape na uyapinde kufuata mkunjo wa nguo. Na mwulize mwenye katuni maneno gani. Mimi nilitaka kuweka maneno ya biashara, mama akakataa: kanga ina jina lake, na aliyeivaa ndiye anayejua anamwambia nani.

Kaka, nikimweka na mumewe, wote wanakuwa na kidoti. Nifanyeje?

Hilo ni la kawaida: LoRA inajaza picha nzima, haijui uso upi ni wa nani. Hata wapita njia sokoni watakuja na mwanya. Tengeneza picha ukiwa na yeye peke yake, ukiacha nafasi pembeni. Kisha tumia Inpaint, yaani kuchora upya eneo ulilolifunika peke yake, uizibe ile nafasi tu, LoRA ya mama ikiwa imezimwa, na ya baba kama unayo ikiwa imewashwa. Au chora kila mmoja peke yake uwaunganishe kwa matabaka. Mimi hufanya ya pili.

Akiwa mbali uso unavurugika.

Uso ukichukua eneo dogo, pikseli hazitoshi kuuchora. Usihangaike kutengeneza upya picha nzima. Funika uso kwa Inpaint, chagua "Only masked", ambayo inalikuza eneo hilo, inalichora kwa ukubwa kamili, kisha inalirudisha. Denoising strength 0.4 inatosha.

Nataka aonekane Mikindani, siyo ufukwe wowote tu.

Mashine haiijui Mikindani. Itakupa ufukwe wa kadi ya posta. Piga picha mahali penyewe, ipitishe picha-kwa-picha kuwa katuni bila mtu yeyote, kisha mweke mama juu yake kama tabaka. Picha mbili tatu za mahali zinakutosheleza mfululizo mzima, na watu wa hapa wanatambua nyumba ile, mti ule.

Angalia pia vitu vya kazi yake. Niliomba mkorosho wenye matunda, ikaniletea mti wenye mapera na korosho imo ndani kama kokwa. Kila mtoto wa Mtwara anajua korosho inaning'inia nje, chini ya bibo. Lile nililichora mwenyewe toka mwanzo.

Mimi nahitaji picha tano tu. Lazima yote haya?

Hapana. Kwa picha tano, chora picha mama, kisha tumia njia ya rejea kama IP-Adapter, ambayo inapewa mchoro mmoja na kuufuata bila mafunzo. Itakukaribia, nawe utamalizia uso kwa mkono. Au usitumie akili mnemba kabisa: chora kichwa katika pembe tatu, macho manne, midomo mitano, mikono michache, kila kimoja kwenye tabaka lake, uwe unapanga kama vipande vya nguo. Wachoraji wa katuni za televisheni wamefanya hivyo miaka mingi kabla ya haya, na sura haipotei kamwe kwa sababu ni mchoro uleule. Mafunzo yanalipa ukifika picha 15 na kuendelea, zenye mikao tofauti.

Tuna picha mbili tu za marehemu babu, nyeusi na nyeupe. Inawezekana?

Mashine haiwezi kujifunza mtu kwa picha mbili za pembe moja, itazikariri. Lakini mchoraji anaweza. Keti na wazee waliomfahamu, chora, waoneshe, sahihisha: "sikio lilikuwa limetoka zaidi", "alitembea ameinama". Wakikubali picha mama, fuata njia ile ya michoro 12 na kuendelea. Ruhusa iombwe kwa familia yote.

Ruhusa ni ya nini, si ni katuni tu?

Katuni inayotambulika ni sura ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na zile picha 40 za uso ulizonazo kwenye laptop ni taarifa zake binafsi hata kabla hujachora. Sisi tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida: picha zitatumika wapi, nani anashika faili la LoRA, na kwamba akisema basi, ni basi. Hilo faili ndilo lenye hatari. Aliye nalo anaweza kumchora mama huyu akifanya lolote, amelewa, anamsifu mgombea, anauza dawa. Kwa hiyo halipandishwi kwenye mitandao ya kugawana LoRA, na nakala ya pili iko kwenye fleshi kabatini kwake. Za watoto sifundishii.

Akibadilika je? Akivaa miwani, akizeeka?

Miwani ni nguo: itaje kwenye maelezo unapoomba, itakuja. Kuzeeka si tatizo la katuni. Swali gumu aliniuliza mama mwenyewe wiki iliyopita: daktari wa meno amemwambia mwanya unazibika, je, azibe? Nikamwambia hiyo ni shauri yake. Akatazama lebo kwenye pakiti, akasema ataulizia kwanza bei ya kuchapisha lebo mpya.